Mbegu si picha, jamani

Juzi kijana mmoja ameniandikia: "Kaka, nimeweka namba yako ileile, picha imekuja nyingine kabisa. Kumbe ulininyima namba yenyewe." Ni wa tatu mwezi huu. Sikumnyima. Namba ya mbegu, ile Seed ya kutengenezea picha kwa AI, ni hiyo, ila alibadilisha saizi, akaongeza maneno mawili kwenye prompti, yaani maelezo ya picha unayoitaka, akategemea meza ya kwenye picha yangu imfuate mpaka kwake.

Nazungumzia Stable Diffusion 1.5, modeli ya kutengeneza picha kutokana na maneno, kwenye kompyuta yangu, kwa kazi moja: mandharinyuma ya picha za bidhaa. Hii ilikuwa ya mama anayeuza mafuta ya nazi. Alitaka meza ya mbao, ukuta mweupe, mwanga wa asubuhi, na nafasi tupu katikati ya kuweka chupa. Kila nikitengeneza, katikati palepale inakaa vasi ya maua. Hainishangazi: nadhani picha za meza nzuri ambazo modeli ilifundishiwa zimejaa vasi. Ukisema meza, yenyewe inaona na vasi lake.

Kosa la kwanza la watu ni kuandika "no vase" kwenye prompti. Sehemu inayosoma maneno haielewi vizuri kukanusha. Inachosikia ni vasi, na vasi utaletewa. Kosa la pili linanichosha zaidi: kuandika "no vase" kwenye kisanduku cha Negative prompt. Kisanduku chenyewe ndicho "no". Taja kitu tu, basi.

Kinachotokea ndani ni hiki. Kila hatua ya kujenga picha modeli inakisia mara mbili, mara moja kwa unachotaka na mara moja kwa unachokataa. Programu inachukua tofauti ya makisio hayo, inaizidisha kwa CFG, namba ya nguvu ya kusukuma, inaijumlisha na kisio la unachokataa, na picha inasukumwa upande unaoutaka. Kwa hiyo CFG ikiwa 1, upande wa kukataa unajifuta wenyewe, na orodha yako haina kazi hata ingejaa ukurasa. Wanaotumia modeli za haraka zinazoendeshwa kwa CFG 1 na kulalamika kwamba prompti hasi "imeharibika", shida yao ni hiyo.

Na zile orodha ndefu za kunakili, vidole sita, sura mbaya, mikono ya ziada? Kwenye meza tupu! Hapo unakataa mtu ambaye hakualikwa.

Sasa mbegu. Picha inaanza kama chenga, zile za televisheni isiyo na chaneli, na namba ya Seed inaamua chenga gani. Basi. Haina meza ndani yake, haina ukuta. Chenga zilezile zikipewa modeli, maneno, sampla, hatua, CFG na saizi zilezile, zinarudisha picha ileile. Saizi ndiyo inayowaangusha wengi. Ndani, modeli inagawa kila upande kwa nane, kwa hiyo 768x512 ni chenga za safu 64 zenye vipimo 96 kila moja. Ukigeuza kuwa 512x768 zinapangwa upya, kama abiria walioshushwa basi moja wakapakiwa jingine lenye viti tofauti. Aliyekaa nyuma ya mwenzake hatamkuta tena mbele yake.

Ninavyozitumia pamoja: naifunga mbegu kwanza, halafu nabadilisha neno moja tu la kukataa.

```
Prompt: empty wooden table, white plaster wall, morning window light
Negative prompt: vase, cup
Steps: 25, Sampler: DPM++ 2M, CFG scale: 7
Seed: 41877, Size: 768x512
```

Bila orodha, vasi lilikuwepo. Nilipoandika `vase` likaondoka, kikaja kikombe mahali pake. `cup` ikakiondoa kikombe. Nikaongeza `plant` kwa tahadhari tu, na kivuli kizuri cha majani ukutani kikapotea nacho. Nikaifuta. Kama mbegu ingekuwa -1, yaani ya bahati nasibu, nisingejua ni neno gani lililofanya nini. Ningedhani kila kitu ni kazi ya orodha.

Nakiri sijui kutabiri. Neno moja wakati mwingine linaondoa kitu tu, wakati mwingine linahamisha dirisha zima, na hiyo 7 ya CFG ni mazoea yangu. Hata ukinakili kila kitu, kadi nyingine ya grafiki inaweza kukupa picha iliyotofautiana kidogo. Kwa hiyo mandharinyuma ikipendeza, naitunza PNG yenyewe. Namba ni ya kufanyia majaribio.

Mama alirudi akataka ya wima kwa ajili ya status. Sikuitengeneza upya kwa saizi nyingine. Nilichukua ile PNG nikaurefusha ukuta kwenda juu, nikiipaka sehemu mpya tu. Ikaja rafu, na juu ya rafu, vasi. Nikaongeza `shelf`, rafu ikaondoka na vasi lake.