Siku 28 za likizo si siku 20 za kazi kwa kila mfanyakazi

Waraka wa marekebisho ya sera ya likizo hueleza kilichobadilika, kinamhusu nani na kinaanza lini. Hilo halina ugomvi. Ugomvi uko kwenye sentensi ninayoiona mara nyingi mno siku hizi: "Kuanzia tarehe 1 Januari likizo ya mwaka itakuwa siku 20 za kazi badala ya siku 28, kwa wafanyakazi wote."

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 28 mfululizo. Jumapili zimo, na sikukuu ikiangukia humo nayo imo. Anayefanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa ana siku 20 za kazi ndani ya siku hizo 28, kwa hiyo hajapoteza kitu. Na kama hesabu mpya inaziruka sikukuu, ameongezewa kidogo.

Sasa mchukue mtunza stoo, ambaye Jumamosi yuko kazini. Akianza likizo Jumatatu, tarehe 2 Februari 2026, kwa hesabu ya zamani anarudi tarehe 2 Machi. Kwa hesabu mpya, siku 20 za kazi zinamwishia Jumanne, tarehe 24 Februari, na kesho yake anatakiwa stoo. Wiki nne zake zina siku 24 za kazi, siyo 20. Aliyeandika waraka, nadhani, alihesabu wiki ya ofisini kwake akaandika "wote". Mwajiri anaruhusiwa kutoa zaidi ya kiwango cha sheria, kukipunguza hapana.

Tarehe nayo ina mtego wake. Mzunguko wa likizo huhesabiwa tangu mtu alipoajiriwa, haufuati Januari. Karani aliyeajiriwa tarehe 1 Juni huwa katikati ya mzunguko Januari inapofika. Tuseme ameshachukua siku 14 kati ya 28, yaani nusu. Ofisi ikitoa 14 kwenye 20 inamwachia siku 6 za kazi, ilhali haki yake ni 10, kwa kuwa zile 14 zilihesabiwa pamoja na Jumamosi na Jumapili. Kosa hili haligunduliki mpaka mtu ajaze fomu ya likizo akute salio lake limepungua, na hapo ndipo watu wa rasilimali watu huanza kupigiwa simu.

Kwa hiyo ndugu zetu mnaoandika nyaraka hizi, ingetosha kusema hivi: "Likizo ya mwaka sasa itahesabiwa kwa siku za kazi: 20 kwa wanaofanya kazi siku tano kwa wiki, 24 kwa wanaofanya siku sita. Kila mfanyakazi ataanza hesabu hii mzunguko wake wa likizo utakapoanza upya, tarehe 1 Januari 2026 au baada ya hapo. Salio la mzunguko unaoendelea litabaki kwa hesabu ya zamani."