Slabu ya mbavu au slabu nzima? Hesabu ya sebule moja ya Bagamoyo

Mama mmoja anayejenga ghorofa moja hapa Bagamoyo alinijia na ramani mkononi. "Injinia, nimeambiwa slabu ya matofali ya tundu ni nafuu. Nataka nyumba yote iwe hivyo." Nikamwambia, mama, tuanze kupima vyumba. Jibu limo kwenye upana wa chumba, lakini mafundi hurukia bei.

Ukiingia nyumba za kale za Mji Mkongwe utaona vyumba virefu lakini vyembamba, upana kama mita tatu hivi. Boriti ya mkoko haikufika mbali zaidi ya hapo. Slabu ya mbavu ni wazo lilelile la boriti, ila boriti zenyewe ni za zege na nondo, na kati yake yamepangwa matofali yenye matundu, kisha juu ya yote unamwagwa utando wa zege wa sentimita 5. Slabu inapobeba mzigo, sehemu ya juu hubanwa na ya chini huvutwa. Zege hustahimili kubanwa, lakini kuvutwa haliwezi. Kazi hiyo hufanywa na nondo. Kwa hiyo zege jingi la chini lipo tu na uzito wake. Hilo ndilo tunaloliondoa na kuweka tofali.

Sebule ya mama ina upana wa mita 5.4 na urefu wa mita 6. Slabu nzima, ya zege na nondo bila matofali, hapo ingehitaji unene wa kama sentimita 20, yaani zege mita za ujazo 6.5. Kwa mbavu nilichukua matofali ya sentimita 40 kwa 20, kimo 20, na mbavu zenye upana wa sentimita 12.5 zinazokatiza upande mfupi. Zinaingia safu 11 za matofali 24, jumla 264, na sentimita 30 za kila mwisho, karibu na mkanda, zinabaki zege tupu, maana hapo ndipo nguvu ya kukata ubavu huwa kubwa. Zege linashuka hadi mita za ujazo 3.9. Kwa mchanganyiko wetu wa mifuko sita na nusu kwa kila mita ya ujazo, saruji inapungua kwa mifuko 17 hivi. Uzito haupungui kwa kiasi hicho, kwa sababu tofali la saruji la tundu lina kilo kama 16: kutoka tani 16 unafika karibu 14.

Sasa vyumba vya kulala, upana mita 3.3. Slabu nzima ya sentimita 12.5 inatosha. Ukilazimisha mbavu unapata sakafu nene zaidi, unanunua matofali, unalipa fundi wa kuyapanga, na zege ulilookoa ni kidogo mno. Hapo nilikataa. Bafuni nilikataa pia, kwa sababu ya bomba la choo: fundi bomba akitafuta njia yake baadaye atakata ubavu, na ubavu uliokatwa ni boriti iliyokatwa.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni siku ya kumwaga. Nyumba moja niliyoisimamia Tanga, vijana walipita na ndoo juu ya matofali bila kuweka mbao za kukanyagia. Matofali yakasogea. Tulipofungua mbao za chini, ubavu mmoja ulikuwa na upana wa sentimita 8, na nondo yake ilionekana ubavuni, haina zege la kuifunika. Kwa upepo wa chumvi wa pwani, nondo ya namna hiyo hushika kutu, huvimba na kupasua zege. Tulirudisha mirunda, tukabomoa kipande kile na kukimwaga upya.

Tangu hapo napita mwenyewe na futi kabla ya zege. Napima kila nafasi ya ubavu, naangalia biskuti za kuinua nondo, naziba matundu ya tofali la mwisho kwa karatasi za mifuko ya saruji ili zege lisitiririkie ndani. Matofali yamwagiwe maji mpaka yashibe. Makavu hunywa maji ya zege, na ubavu mwembamba ndio hudhurika kwanza. Vibreta iwe ya kichwa chembamba, cha milimita 25, kipenye kati ya nondo na tofali. Mbao zikifunguliwa, gonga kila ubavu kwa nyundo ndogo: mlio mzito usio na uhai ni dalili kwamba ndani mna mapango ya kokoto zisizopata uji wa saruji. Gonga kabla ya plasta, maana plasta ikishapita hutaona tena.

Mama alichagua mbavu sebuleni tu. Wiki ijayo tunapanga matofali.