Ndimu, jua na michirizi ya ngozi: kwa nini malengelenge huja siku ya pili

Wengi wanaofika kliniki ya ngozi na michirizi ya malengelenge mikononi huja na jibu lao kabisa: mdudu kanikojolea usiku. Wengine husema labda ni maji ya moto, ingawa hawakumbuki kuungua. Ukiwauliza juzi walikuwa wanakamua nini, hunyamaza kidogo, kisha huanza kucheka.

Tuchukue familia moja ya hapa Tanga mjini, ambayo mambo yake madogo madogo tumeyabadilisha isitambulike. Ijumaa kulikuwa na maandalizi ya harusi. Mama alikaa uani kuanzia saa nne asubuhi hadi karibu adhuhuri, akikamua ndimu za sharubati na kachumbari kwa mkono. Maji yalimtiririka kutoka viganjani hadi kwenye viwiko, naye akawa anajifuta kwa kanga. Katikati ya kazi mwanawe wa miaka 3, kifua wazi, alianguka akaja analia. Mama akamnyanyua kwa mikono ile ile iliyolowa, akambembeleza, akamwachia arudi kucheza juani.

Jioni hakukuwa na kitu. Jumamosi, harusi ikiendelea, mama alihisi mikono inawaka akadhani ni uchovu wa jikoni. Jumapili asubuhi alikuwa na michirizi ya malengelenge kutoka kwenye kifundo cha mkono hadi kiwiko, na mtoto alikuwa na alama za vidole mgongoni: vinne upande huu, vinne upande ule. Bibi alipomwogesha mjukuu aliuliza swali moja tu, nani kampiga huyu mtoto.

Hakuna aliyempiga. Ndimu ina kemikali ziitwazo furanokumarini. Zimejaa zaidi kwenye mafuta ya ganda la kijani kuliko kwenye maji ya ndani, ndiyo maana anayeminya ndimu nzima kwa kiganja hupata dozi kubwa kuliko anayekamulia tone kwenye samaki. Kemikali hizi zikikaa kwenye ngozi gizani hazina neno. Zikipigwa na mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho, hasa ile ya urujuanimno aina ya A, hujishikiza kwenye vinasaba vya seli za ngozi na kuziua. Si mzio. Mzio humchagua mtu, lakini hili linaweza kumpata yeyote mwenye maji ya ndimu ya kutosha na jua la kutosha, hata kama amekula ndimu maisha yake yote.

Ngozi huwa hatarini zaidi kati ya nusu saa na saa 2 hivi baada ya kuguswa, na jasho au maji huzidisha upenyaji. Seli zilizoumia hazilalamiki papo hapo. Muwasho wa moto huanza baada ya saa 24 hivi, na hali hufikia kilele kati ya saa 48 na 72. Huo mwanya ndio unaowapoteza watu, kwa sababu hakuna anayemshuku mkamuaji wa Ijumaa kwa kidonda cha Jumapili. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, hivyo dalili ya kwanza mara nyingi ni joto na maumivu, au eneo kugeuka jeusi la zambarau.

Sisi husoma umbo kabla ya kitu kingine. Ugonjwa wa ngozi wa kawaida hauchori mstari ulionyooka unaofuata mahali maji yalipotiririkia. Ukiona mchirizi, matone yaliyoruka au alama ya kiganja, na vyote viko sehemu zilizopigwa jua tu, uliza kuhusu ndimu. Viganja vya yule mama vilikuwa salama, kwa sababu ngozi yake ni nene na vilikuwa vimeangalia chini. Migongo ya mikono ndiyo iliyobabuka. Mkanda wa jeshi hufuata mshipa wa fahamu upande mmoja wa mwili. Yule mdudu mwembamba wa rangi nyekundu na nyeusi, nzi wa Nairobi, huacha alama pale alipopondwa, na mara nyingi ngozi mbili zinazogusana, kama kwenye mkunjo wa kiwiko, huwa na alama pacha. Maji ya moto huuma dakika ile ile.

Kuhusu alama za vidole kwa mtoto, mhudumu wa afya bado ana wajibu wa kuuliza, na mzazi asikasirike akiulizwa. Michubuko ya kipigo haileti malengelenge ya maji. Lakini kama maelezo ya nyumbani hayaendani na ngozi inavyoonekana, suala hilo lifuatiliwe na ustawi wa jamii, ndimu isiwe kisingizio.

Ukigundua umemwagikiwa na bado hujatoka juani, ingia ndani ukaoge kwa sabuni, kwa sababu yale ni mafuta na maji matupu hayayatoi vizuri. Usisahau kucha na sehemu kati ya vidole. Malengelenge yakishatoka, weka kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi kwa dakika 15 au 20, rudia mara kadhaa kwa siku. Usiyapasue. Paka vaselini, funika kwa shashi, na parasetamoli itasaidia maumivu. Krimu nyepesi ya haidrokotisoni hutuliza, ila itumike siku chache na kwa ushauri. Nenda kituo cha afya ikiwa ni usoni au sehemu za siri, ikiwa eneo ni kubwa, ikiwa ni mtoto mdogo, au ukiona usaha na homa. Dawa ya meno tuiache kwenye mswaki.

Baada ya wiki moja au mbili malengelenge hukauka na kuacha michirizi myeusi. Hii haiumi, lakini ndiyo inayowanyima watu usingizi, nayo inaweza kudumu miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Hapa ndipo tunapoona mambo ya kusikitisha: mtu anasugua ndimu ili alama zing'ae, anatoka nje, na baada ya siku mbili anababuka upya. Wanaojipaka ndimu kwapani au usoni kuondoa weusi wako kwenye mkondo huo huo. Mkorogo ni mbaya zaidi, kwa kuwa unaweza kuwa na zebaki au haidrokwinoni. Funika alama kwa mikono mirefu au kanga, ziachwe zififie zenyewe.

Kukamua si lazima kuachwe. Kamueni ndani au baada ya magharibi, na mkiwa na glavu ni vizuri zaidi. Kivuli cha mwembe si kinga kamili, na kioo cha dirisha la kawaida hupitisha sehemu kubwa ya mionzi hii.

Utomvu wa mtini, ule mti wa tini za kuliwa, hufanya kazi kwa njia hii hii ya jua. Utomvu wa embe na mafuta ya ganda la korosho ni habari nyingine: hayo yanaweza kuwasha na kubabua hata gizani. Mnyaa wa uzio nao hauhitaji jua. Maziwa yake yakiruka jichoni wakati wa kupogoa, suuza kwa maji safi mengi kwa dakika 15 au zaidi na uende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama maumivu yamepungua.