Kwa nini krimu hutangulia poda?

"Sijawahi kupaka mekapu hata siku moja. Nikitaka vitu vitano tu vya kuanzia, nichukue vipi? Na viwe vya krimu au vya poda?"

Chukua konsila ya krimu, rangi ya mashavu ya krimu, poda moja inayolingana na ngozi yako, wanja wa nyusi na maskara. Faundesheni iache kwanza. Konsila itaficha weusi wa chini ya macho na madoa, na kwingine ngozi ibaki ilivyo. Lipstiki nayo si lazima, kwa sababu rangi nyingi za mashavu za krimu zimeandikwa kuwa zinafaa mdomoni pia.

Mbona krimu mbili na poda moja? Krimu ni rangi iliyochanganywa na mafuta au nta. Joto la kidole huilainisha, ikashika ngozi bila brashi, na ukizidisha unaipunguza kwa kugongagonga tu. Poda ni chembe kavu. Inataka brashi na mkono mwepesi, na hung'ang'ania palipokauka, hasa pembeni mwa pua panapobambuka. Kazi inayoiweza vizuri ni kunyonya mafuta ya ngozi na kuishikilia krimu isihame.

Hapo ndipo wanaoanza huharibu. Mtu anapaka poda uso mzima, kisha anakumbuka mashavu na kuweka krimu juu yake. Mafuta ya krimu yanalowesha zile chembe, zinagandana, na kidole kinazikokota. Shavu linabaki na mabaka: hapa rangi nzito, pale ngozi tupu. Kuongeza rangi hakusaidii, kunazidisha uji. Pafute kwa sponji yenye unyevu, uanze upya hapo tu.

Fanya hivi. Baada ya losheni, subiri dakika chache iingie. Weka nukta mbili za konsila chini ya kila jicho na moja juu ya kila doa, ukigonga kwa kidole cha pete, usisugue. Nukta mbili za rangi kila shavu, uzitawanye kuelekea sikioni. Halafu poda, kidogo sana, kwenye paji la uso, pua na kidevu. Mashavu yaruke. Nyusi na maskara vije mwisho.

Konsila ijaribie kwenye taya, si mgongoni mwa mkono, kisha utoke nje uitazame kwenye mwanga wa jua. Poda nyeupe inayodaiwa kufaa kila ngozi ninaiogopa: kwenye ngozi nyeusi mara nyingi huacha kijivujivu kama majivu, na kamera yenye flashi huianika zaidi.

Kama uso wako hutoa mafuta mengi hadi krimu inateleza kabla ya saa sita mchana, badilisha kitu kimoja tu: rangi ya mashavu iwe ya poda, uipake baada ya poda ya uso.