Adabu za ikhtilafu: kutoka kunuti ya alfajiri hadi neno "kafiri"

Mwislamu aliyesomeshwa fiqhi ya Kishafii katika madrasa za Iringa au Mbeya huijua kunuti kabla hajajua kwamba ina ubishi. Katika rakaa ya pili ya alfajiri, imamu akishainuka kutoka kwenye rukuu, huinua mikono na kuomba, na maamuma huitikia amina. Siku akihamia mtaa mwingine, akaswali nyuma ya imamu asiyeisoma, imamu anainuka na kushuka moja kwa moja kwenye sijda, yeye anabaki amesimama na mikono juu. Salamu ikishatolewa maneno huanzia mlangoni, penye viatu, na hata baridi ya alfajiri ya Mafinga haiwatawanyi watu. Mmoja anasema swala imepungua. Mwingine anasema kunuti ni uzushi, mzushi ni mpotevu, na mpotevu haswaliwi nyuma yake. Ubishi ukikolea, neno "kafiri" haliko mbali.

Adabu za ikhtilafu ni kanuni ambazo wanazuoni wa zamani walizifuata ili ubishi wa namna hii ubaki pale ulipozaliwa. Watu wengi hudhani ni upole tu, kutopaza sauti na kusameheana. Upole umo, ila msingi wake ni elimu: kujua suala hili limesimama juu ya dalili gani, na dalili hiyo ina nguvu ya kumbana mtu kiasi gani.

Tubaki na kunuti. Imamu Shafii, aliyefariki mwaka 820, aliiona ni sunna ya kila alfajiri, na katika madhehebu yake anayeiacha huleta sijda ya kusahau. Wafuasi wake hutegemea hadithi ya Anas bin Malik kwamba Mtume hakuacha kukunuti alfajiri mpaka alipofariki. Wanaoipinga husema katika isnadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi, yumo Abu Jaafar al-Razi, mpokezi ambaye wataalamu wa hadithi hawakuafikiana juu ya uimara wa hifadhi yake. Wao wana hadithi yao katika Tirmidhi: Abu Malik al-Ashjai alimuuliza baba yake, aliyeswali nyuma ya Mtume na makhalifa wake, kama walikuwa wakikunuti alfajiri. Baba akajibu, "Mwanangu, hilo ni jambo lililozushwa."

Kwa hiyo hata neno "uzushi" halikubuniwa juzi, limo ndani ya hadithi yenyewe. Abu Hanifa na Ahmad bin Hanbal hawakuiona kunuti kuwa sunna ya kila alfajiri. Imamu Malik aliipendelea, lakini kimyakimya na kabla ya rukuu, jambo ambalo maamuma wetu wa Kishafii akiliona pia atashtuka. Kila mmoja alikuwa na hoja, na kila mmoja aliijua hoja ya mwenzake. Hapo ndipo wanazuoni waliposema suala ni la ijtihadi, yaani la mwanazuoni kujitahidi kutoa hukumu kutoka kwenye dalili: anayekosea baada ya kujitahidi ana ujira mmoja, anayepatia ana miwili. Hakuna wa tatu anayetolewa katika dini.

Sasa, maamuma afanyeje? Majibu yao hapa ni ya vitendo kabisa. Katika madhehebu ya Ahmad, ambayo haina kunuti ya kila alfajiri, anayeswali nyuma ya imamu anayekunuti humfuata na kuitikia amina. Mshafii aliye nyuma ya imamu asiyekunuti anaweza kuomba kwa ufupi kama atamkuta imamu bado yuko kwenye sijda ya kwanza. Akiona atachelewa, anaiacha na kumfuata. Hakuna upande unaomwambia ahame msikiti.

Mtu anaweza kusema kunuti ni jambo dogo, haligusi kusihi kwa swala. Basi tazama la udhu, ambalo mimi naliona zito zaidi. Ahmad alisema damu nyingi ikitoka mwilini udhu hutenguka; Malik alisema hautenguki. Ahmad akaulizwa: imamu ametokwa na damu na hakutawadha upya, je, utaswali nyuma yake? Kwa hesabu ya kawaida, imamu huyo hana udhu. Ahmad akajibu, "Vipi nisiswali nyuma ya Malik na Said bin al-Musayyab?" Inapokewa pia kwamba Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa, aliswali nyuma ya khalifa Harun al-Rashid aliyekuwa ameumikwa damu bila kutawadha kwa fatwa ya Malik, na hakuirudia swala yake. Kila mmoja alibaki na rai yake kwa ajili ya mwili wake mwenyewe. Imamu alihukumiwa kwa ijtihadi anayoifuata imamu.

Kumkufurisha mtu kuna mlango mwingine kabisa, na walioulinda waliwekea kufuli mbili. Ya kwanza iko kwenye jambo lenyewe: lazima liwe ni kukanusha kitu kinachojulikana na kila Mwislamu kuwa ni cha dini, kama uwajibu wa swala tano. Kunuti haifiki hapo, wala maulidi, wala kusoma bismillahi kwa sauti. Ya pili iko kwa mtu: neno linaweza kuwa la kukufurisha na aliyelisema asiwe kafiri, kwa sababu hajui, au amelazimishwa, au ana tafsiri anayoiona sahihi. Mfano wake mkubwa ni Ahmad huyohuyo. Tangu mwaka 833 dola ya Baghdad iliwatahini wanazuoni wakubali kwamba Kurani imeumbwa. Ahmad aliita kauli hiyo ukafiri bila kumung'unya maneno, akafungwa na kuchapwa mijeledi chini ya khalifa al-Mutasim. Hata hivyo hakumtoa khalifa katika Uislamu, na baadaye alimsamehe.

Haikuwa safi siku zote. Shafii alimwambia Hafs al-Fard, aliyedai Kurani imeumbwa, ana kwa ana, "Umekufuru," na wanazuoni wa baadaye ikabidi waeleze kuwa alikuwa akiihukumu kauli, kwani hakumshitaki kwa kuritadi. Ghazali, aliyeandika kitabu kizima kuzuia ukufurishaji wa ovyo na kusema kuwaacha makafiri elfu ni kosa jepesi kuliko kumwaga damu kidogo ya Mwislamu mmoja, ndiye pia aliyewahukumu wanafalsafa kwa ukafiri katika masuala matatu. Mwanafalsafa Ibn Rushd alimjibu kwamba ijmaa, yaani makubaliano ya wanazuoni wote, haiwezi kuthibitika katika masuala ya aina ile, basi hukumu hiyo haina pa kusimama.

Na watu wa kawaida hawakuwa kama maimamu wao. Katika miji ya Khurasan Wahanafi na Washafii walipigana mitaani. Makka, kuizunguka Kaaba, palikuwa na sehemu nne za maimamu wanne, kila madhehebu na jamaa yake, mpaka miaka ya 1920 waliporudishwa nyuma ya imamu mmoja. Mtu aliyeswali Makka nyakati hizo angeweza kumsubiri imamu wa madhehebu yake huku swala nyingine ikiendelea mbele ya macho yake, wakati zamani Abu Yusuf alishaswali, na Ahmad alishasema angeswali, nyuma ya mtu ambaye, kwa rai yao wenyewe, hakuwa na udhu.