Muhtasari Umetumwa, Mjumbe Ambaye Hakuwepo Ajibu Nini?

Katibu akimaliza kuandika muhtasari wa kikao cha bodi, nakala huenda kwa wajumbe wote, wakiwemo ambao hawakufika. Hao wasiofika huandikiwa na barua fupi juu yake, na mara nyingi barua yenyewe ni sentensi moja: "Tafadhali pitia muhtasari ulioambatishwa na utoe maoni yako." Sisi maafisa ushirika tunapofungua mafaili ya SACCOS tunaikuta sana sentensi hiyo, na nyuma yake hakuna jibu. Pengine jibu lipo, lakini mjumbe amejadili jambo ambalo bodi ilishalimaliza, na lile lililokuwa likimsubiri yeye hakuligusa.

Mjumbe huyo hana kosa. Muhtasari unamweleza yaliyotokea, haumwelezi afanye nini nayo. Kazi hiyo ni ya barua, na katibu anaweza kuifanya vizuri akijibu kwanza swali moja: kila uamuzi uliomo humu umefikia wapi?

Tuchukue SACCOS ya mfano. Bodi yake ina wajumbe 9, na masharti ya chama yanasema akidi ni wajumbe 5. Kikao cha Jumamosi, tarehe 14 Machi 2026, kilifunguliwa na wajumbe 6. Kulikuwa na mambo matatu mazito. Kwanza, wanachama waliochelewesha marejesho ya mikopo wafuatiliwe, na mwenyekiti wa kamati ya mikopo alete orodha yao. Pili, mjumbe mmoja ateuliwe kuwa mtia saini wa akaunti ya chama benki, badala ya aliyemaliza muda wake. Tatu, zinunuliwe kompyuta mbili, na ankara kifani za wauzaji watatu zilikuwa mezani. Sasa angalia waliokosekana: mwenyekiti wa kamati ya mikopo hakuwepo, mtia saini aliyeteuliwa hakuwepo, na wa tatu ni mjumbe ambaye ndugu yake anamiliki duka mojawapo kati ya yale yaliyoleta bei.

Kabla ya kuandika neno lolote, katibu arudi kwenye mahudhurio. Muhtasari unaonyesha kuwa saa 7:30 mchana, kabla ya agenda ya kompyuta, wajumbe wawili waliomba ruhusa wakaondoka. Walibaki 4. Kwa hiyo mambo mawili ya kwanza yaliamuliwa na wajumbe 6 na ni maazimio kamili. La kompyuta si azimio, hata kama wote wanne walikubaliana na mwenyekiti akasema limepita. Akidi huangaliwa kwa walioko kikaoni wakati uamuzi unafanyika. Kosa hili hujificha kirahisi kwa sababu karatasi ya mahudhurio ina saini sita za asubuhi, na anayesoma haraka huishia hapo.

Hapa ndipo barua hutumiwa vibaya. Katibu akigundua upungufu, huwaandikia wasiokuwepo "wabariki uamuzi wa bodi kuhusu ununuzi wa kompyuta," ili majina yafike matano. Hilo halifai. Barua ya tarehe 18 haimfanyi mtu awe alikuwa kikaoni tarehe 14. Mkaguzi akiliona, atahoji malipo yote yaliyotegemea uamuzi huo, na wajumbe walioweka saini kwa nia njema ndio watakaoitwa kujieleza. Katibu ana njia mbili tu. Ya kwanza ni kuandika kwamba jambo limejadiliwa bila akidi na litarudi kikao kijacho. Ya pili ni azimio la maandishi, ikiwa masharti ya chama yanaliruhusu. Hilo huandikwa kwenye karatasi ya peke yake yenye maneno kamili ya azimio, bei zote tatu zikiwa zimeambatishwa, na nafasi ya kuandika "Nakubali" au "Sikubali", saini na tarehe. Nalo linapelekwa kwa wajumbe wote 9, si kwa wale watatu tu, na mwenye maslahi hapigi kura. Masharti yakiwa kimya kuhusu njia hii, jambo lisubiri kikao.

Baada ya hapo yaliyomo kwenye muhtasari hugawanyika yenyewe. Yapo ya kujua tu, yapo ya kuhakiki, na yapo ya kujibu. Barua nyingi huyachanganya yote kwenye neno "maoni", na mjumbe hubaki akibahatisha.

Ufuatiliaji wa mikopo, kama uamuzi, ni wa kujua. Mjumbe ambaye hakuwepo anaweza asikubaliane nao kabisa, lakini hawezi kuupigia kura kwa barua baada ya kikao. Akitaka uangaliwe upya, aombe uingizwe kwenye agenda za kikao kijacho. Ni heshima kumwambia hivyo waziwazi kuliko kumwomba maoni ambayo hayatabadilisha kitu.

Kuhakiki ni jambo jingine. Mtu ambaye hakuwepo si shahidi wa yaliyosemwa, hivyo asiombwe kusahihisha mazungumzo. Lakini kuna sehemu ambazo yeye anazijua kuliko hata waliokuwepo. Ya kwanza ni mahali jina lake lilipoandikwa: kwa walioomba udhuru, au kwa wasiohudhuria bila taarifa? Katiba na masharti ya vyama vingi humwondoa mjumbe anayekosa vikao kadhaa mfululizo bila taarifa, kwa hiyo safu hiyo ina uzito wake. Ya pili ni taarifa aliyoituma kwa maandishi ikasomwa kwa niaba yake: tarakimu zimeandikwa kama alivyozituma? Ya tatu ni kazi aliyopangiwa, pamoja na tarehe ya kuikamilisha.

Ya kujibu hutofautiana kwa kila mmoja, na ndiyo maana barua moja ya jumla haiwatoshi wote watatu. Iwe na sehemu inayofanana kwa wote, kisha aya moja ya mjumbe mwenyewe. Mwenyekiti wa kamati ya mikopo anaulizwa kama orodha itakuwa tayari kwa tarehe iliyopangwa. Mwenye ndugu muuzaji anaombwa kutamka maslahi yake kwa maandishi kabla jambo la kompyuta halijarudi mezani. Mtia saini mpya anaulizwa kama anakubali, kwa sababu bodi inaweza kumteua akiwa hayupo lakini haiwezi kutia saini kwa mkono wake. Kwa kawaida benki itahitaji azimio lililosainiwa na viongozi, na kutoka kwake itataka picha, kitambulisho na sampuli ya saini.

Barua yake inaweza kuwa hivi:

"YAH: MUHTASARI WA KIKAO CHA BODI CHA TAREHE 14 MACHI 2026

Ndugu Mjumbe,

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu.

Naambatisha rasimu ya muhtasari wa kikao ambacho ulitoa udhuru. Rasimu hii bado haijathibitishwa. Itathibitishwa katika kikao cha Jumamosi, tarehe 11 Aprili 2026.

Azimio la ufuatiliaji wa mikopo, ukurasa wa 3, limepitishwa na linatekelezwa. Linaletwa kwako kwa taarifa. Ukiwa na hoja juu yake, niandikie ili niiombee nafasi kwenye agenda.

Suala la kompyuta, ukurasa wa 5, lilijadiliwa bila akidi. Halijaamuliwa, na litarudi kikao kijacho.

Naomba uhakiki ukurasa wa 1, jina lako kwenye orodha ya walioomba udhuru.

Jambo linalohitaji jibu lako ni moja. Ukurasa wa 4, bodi imekuteua kuwa mtia saini wa akaunti ya chama. Je, unakubali uteuzi huo? Naomba unijibu kwa maandishi yenye saini yako, kabla ya saa 10:00 jioni, Ijumaa tarehe 27 Machi 2026. Nisipopata jibu, uteuzi hautapelekwa benki, na nitaurudisha kwenye kikao.

Naomba kuwasilisha.

Katibu wa Bodi"

Ni barua ya nusu ukurasa, na kila jambo lina namba ya ukurasa wake. Mjumbe aliye safarini anaweza kuisoma kwenye simu akajua kwamba anadaiwa jibu moja tu. Swali lenyewe linajibika kwa ndiyo au hapana. Kama katibu angeandika "tunaomba ushirikiano wako kuhusu suala la benki," angepokea simu tatu za kuuliza ushirikiano gani.

Tarehe ya mwisho nayo imechaguliwa kwa hesabu. Kati ya tarehe 27 Machi na 11 Aprili kuna wiki mbili, muda wa katibu kupanga agenda na kutuma mwaliko akiwa na majibu mkononi. "Mapema iwezekanavyo" humwachia mjumbe apange mwenyewe, na wengi hupanga asubuhi ya kikao.

Kuhusu njia ya kutuma, nina neno moja ninalolisisitiza kwa makatibu wote. Muhtasari wenye majina ya wadaiwa usirushwe kwenye kundi la WhatsApp. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na deni la mwanachama ni taarifa yake binafsi. Nakala iende kwa mjumbe mmoja mmoja, na majina ya wadaiwa yakae kwenye kiambatisho cha siri au yatajwe kwa namba za uanachama. Tena alama mbili za buluu zinaonyesha kwamba ujumbe umefunguliwa. Hazionyeshi kwamba mjumbe amekubali lolote.

Majibu yakifika, yana mahali pake. Masahihisho ya jina au tarakimu yanapelekwa kikaoni, na kikao ndicho kinachorekebisha muhtasari kabla ya kuuthibitisha. Hoja za mjumbe ambaye hakuwepo haziingizwi ndani ya muhtasari wa tarehe 14, hata zikiwa nzuri namna gani, maana siku hiyo hakuna aliyezisikia. Zinaripotiwa kwenye yatokanayo ya tarehe 11 Aprili. Barua za majibu zenyewe zinahifadhiwa kwenye faili la kikao, pamoja na nakala ya barua aliyotumiwa kila mjumbe.

Linabaki suala la asiyejibu, na hapa ukimya hauna maana moja. Mwenyekiti wa kamati ya mikopo akinyamaza, kazi inabaki kwake, kwa kuwa orodha ya wadaiwa ni sehemu ya wajibu wa kamati yake. Katibu ampigie simu na kuandika kwenye faili kwamba amempigia. Mtia saini akinyamaza, hajakubali. Na mjumbe mwenye ndugu muuzaji akinyamaza, isichukuliwe kwamba hana maslahi: mwenyekiti amuulize mbele ya kikao kabla ankara kifani hazijafunguliwa, na jibu lake liandikwe.