Miguu haikosi nguvu, dainamo ndiyo ndogo

“Nikikanyaga baiskeli kwa nguvu dakika kumi, si simu itajaa?”

Haitajaa, ingawa kosa si la miguu. Mtu mwenye afya ya kawaida anaweza kutoa wati 75 hadi 100 kwa saa nzima. Betri ya simu ya mAh 5000 hubeba takriban wati-saa 19, na ukihesabu umeme unaopotea kama joto njiani, andaa 25. Kwa hesabu ya karatasi, wati 100 zingeijaza kwa robo saa.

Lakini dainamo ya kitovu cha gurudumu imeundwa kutoa wati 3 tu, volti 6, kwenye mwendo wa kilomita 15 hivi kwa saa. Gawa 25 kwa 3: zaidi ya saa nane. Kukaza miguu kunaongeza kidogo tu. Jasho lako jingi linaishia kusukuma upepo.

Ukipunguza mwendo, chaji hukatika na kurudi, na kioo cha simu huwaka kila mara, kikila kile kidogo kilichoingia. Ndiyo maana ni afadhali dainamo ijaze pawabenki kwanza, ile inayokubali chaji ndogo, kisha simu ichaji ukishafika.